Barua ya kuomba mkopeshaji apange upya marejesho, pamoja na makisio mapya ya pesa: mwongozo kamili

Hii nimeiandika kwa sababu watu wanaendelea kurudishiwa barua zao na jibu lile lile, "ombi lako halijakubaliwa", na nikiomba nizione naona kosa ni moja. Barua inaeleza shida kurasa mbili nzima, alafu mwisho inasema "naomba mnisaidie kupunguza marejesho". Kiasi gani? Mpaka lini? Kutoka wapi? Hakuna. Afisa mikopo hawezi kupeleka hiyo kwenye kamati maana hana kitu cha kuwaambia waidhinishe.

Kitu kinachopitisha barua ni karatasi iliyoambatanishwa nyuma yake, yale makisio ya pesa inayoingia na kutoka mwezi kwa mwezi. Barua yenyewe kazi yake ni kuisoma hiyo karatasi kwa sauti. Kwa hiyo hapa tunaanza na makisio, barua tutaifikia hatua ya sita, na ukiruka kwenda moja kwa moja kwenye barua utaishia palepale ulipoishia mara ya kwanza.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla hujaanza

- Mkataba wa mkopo, ule uliosaini, na barua ya masharti kama ilikuwepo
- Taarifa ya mkopo ya karibuni kutoka kwa mkopeshaji: deni la msingi lililobaki, riba, tarehe ya rejesho, marejesho yaliyobaki mangapi
- Taarifa ya akaunti ya benki au ya simu ya miezi 6 iliyopita, akaunti zote unazopokelea pesa
- Orodha ya wanaokudai na unaowadai, kila mmoja na tarehe
- Karatasi inayothibitisha kilichobadilika: barua ya mteja, ankara ambazo hazijalipwa, oda iliyofutwa, chochote chenye tarehe
- Eksel au daftari lenye mistari, vyote vinafaa

Hiyo taarifa ya mkopo usikisie. Kuna watu wanaandika deni la kichwani, mkopeshaji ana namba nyingine kwenye mfumo wake, basi kuanzia mstari wa kwanza hakuamini tena. Omba taarifa, subiri ije, ndo uanze.

## Mfano tutakaotembea nao

Nimeutengeneza kwa namba nyepesi ili ufuate bila kikokotoo. Namba zote ni kwa maelfu, sarafu weka ya kwako.

Karakana ya kushona sare inauza 1,000 kwa mwezi. Wateja wadogo wadogo wanaleta 550 na wanalipa papo hapo, taasisi moja kubwa inanunua ya 450 kwa mkopo na ilikuwa inalipa baada ya siku 30. Gharama za mwezi ni 630: vitambaa 300, mishahara 200, kodi ya jengo na umeme 80, na mwenye karakana anajilipa 50 za matumizi yake. Kwa hiyo inabaki 370.

Mkopo una deni la msingi 3,600, riba 18% kwa mwaka inayohesabiwa kwenye salio linalopungua, yamebaki marejesho 12 ya 330 kila tarehe 5, la kwanza ni Machi. Ukitoa 330 kwenye 370 inabaki 40. Imebana ila inaenda.

Alafu katikati ya Februari taasisi inaandika barua: kuanzia mzigo wa Februari watalipa baada ya siku 120. Yaani pesa iliyokuwa iingie Machi itaingia Juni. Mauzo hayajashuka hata kidogo, wateja wapo, kazi ipo, lakini miezi mitatu mizima ile 450 haionekani, na 1,350 imekwama njiani.

Nimechagua mfano huu makusudi maana ndio aina ya shida ambayo kupanga upya marejesho inaitibu kweli. Kama karakana yako inatumia zaidi ya inachoingiza hata wateja wote wakilipa kwa wakati, kusogeza marejesho hakutaponya kitu, deni litakua tu. Hapo kwanza punguza gharama au pandisha bei, ndo urudi kwenye mkopo.

## Hatua ya 1: Mwambie mkopeshaji kabla rejesho halijapita

Piga simu au nenda siku unayoliona tatizo, usisubiri tarehe 5 ipite kimya. Sababu sio adabu tu. Mkopeshaji anahesabu siku za kuchelewa, na wengi wanafuata kanuni ya kimataifa ya hesabu IFRS 9, ambayo inachukulia kwamba mkopo uliochelewa zaidi ya siku 30 hatari yake imeongezeka sana, na ukifika zaidi ya siku 90 umeshindikana, labda yeye aonyeshe ushahidi wa kupinga hivyo. Kila ukivuka mstari anatakiwa kutenga pesa zaidi kufidia hasara, kwa hiyo ombi lile lile linalokubalika siku ya 0 linakuwa gumu siku ya 45, na siku ya 95 faili lako liko kwa watu wa kukusanya madeni ambao hata hawajawahi kukuona.

Kwenye simu sema mambo mawili tu: kuna mabadiliko ya malipo kutoka kwa mteja mkubwa, na unaleta ombi la maandishi pamoja na makisio tarehe fulani. Alafu uliza ombi liandikwe kwa nani na kamati inakaa lini.

Angalizo: usiombe nafuu kwa mdomo ukaridhika na "sawa tutaangalia". Hiyo haijabadilisha mkataba, tarehe 5 mfumo utasoma umechelewa.

Utajua hatua imekaa ukiwa na jina la cheo cha kumwandikia, tarehe ya kupeleka, na ujumbe mfupi wa imeili au simu unaothibitisha mliongea.

## Hatua ya 2: Tengeneza makisio ya kwanza bila nafuu yoyote

Hapa wengi wanaharibu kwa sababu wanaanza na jibu wanalolitaka. Anza na hali ilivyo, ulipe rejesho kamili kama mkataba unavyosema, uone shimo lina kina gani na linatokea mwezi gani.

Kila mwezi una mistari minne tu: salio la kuanzia, pesa iliyoingia, pesa iliyotoka, salio la kufunga. Salio la kufunga Machi ndilo la kuanzia Aprili. Kwenye Eksel mstari wa mwisho ni huu:

```
=B2+B3-B4
```

Sheria moja isiyovunjwa: pesa iandikwe mwezi inapofika mkononi. Ankara uliyotoa Machi sio pesa ya Machi. Na usiandike siku ambazo mteja alikuahidi, andika siku anazolipa kweli. Chukua ankara zake sita za mwisho, hesabu siku kutoka ulipopeleka mzigo mpaka pesa ilipoonekana kwenye akaunti, utashangaa yule wa "siku 30" ni wa siku 41. Tumia 41.

Karakana yetu ina 300 kwenye akaunti mwanzo wa Machi. Machi inaingia 550, zinatoka 630 na rejesho 330, inafunga na hasi 110. Aprili hasi 520. Mei hasi 930. Juni taasisi inaanza kulipa, lakini ziada ya mwezi ni 40 tu, kwa hiyo Agosti bado ni hasi 810. Angalia vizuri hapo: mteja amerudi kulipa kila mwezi na bado shimo halizibiki. Hii ndio picha unayotaka mkopeshaji aione, maana inamwonyesha kwamba akikataa hatapata rejesho lake hata hivyo.

Hatua imekaa ukiweza kutaja kwa sentensi moja mwezi wa kwanza wa hasi, mwezi wa shimo refu kuliko yote, na kiasi chake. Kwetu: Machi, Mei, 930.

## Hatua ya 3: Weka kwanza jasho lako mwenyewe

Sasa jaribu kubadili rejesho tu, karakana ilipe riba pekee miezi mitatu. Riba ya mwezi ni 1.5% ya 3,600, yaani 54. Machi inafunga na 166, Aprili 32, Mei hasi 102.

Umeona? Hata mkopeshaji akikubali kila kitu, Mei unazama. Barua nyingi zinakataliwa hapa hapa bila mwandishi kujua, maana afisa anapiga hesabu zile zile kwa dakika tano anaona nafuu haitoshi, anasema moyoni huyu atarudi tena ikifika Mei.

Kwa hiyo kabla ya kuomba orodhesha unachofanya wewe, na kila kitu kiwe na kiasi, mwezi na ushahidi. Mwenye karakana anafanya mawili. Anapunguza pesa ya matumizi yake kutoka 50 hadi 20 mpaka Agosti, na anauza mashine ya kushona iliyokaa stoo bila kazi kwa 180, pesa inaingia Aprili, na mnunuzi ameshaweka malipo ya awali yenye risiti. Bila ile risiti ningeitoa hiyo 180 kwenye makisio, kwa sababu "nitauza mashine" ni sentensi ambayo wakopeshaji wameisikia sana.

Kabla hujauza kitu angalia mkataba, kisije kikawa kimeandikwa kwenye dhamana. Kuuza dhamana bila ruhusa ya maandishi ni kuvunja mkataba, na hapo ombi lako linageuka kesi nyingine kabisa.

Gharama sasa ni 600. Salio la kufunga linakuwa hivi, na Juni kuendelea nimeweka rejesho jipya la 270 ambalo nitalieleza hatua inayofuata:

| | Machi | Aprili | Mei | Juni | Julai | Agosti |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Bila nafuu | -110 | -520 | -930 | -890 | -850 | -810 |
| Nafuu na hatua zetu | 196 | 272 | 168 | 298 | 428 | 558 |

Ila usiamini mwezi mzima haraka hivyo. Mwezi unaweza kufunga vizuri huku katikati ulizama, kwa hiyo ile miezi ya shida ivunje kwa wiki. Chukua Mei: tunaanza na 272, tarehe 1 kodi na umeme 80, tarehe 4 vitambaa 300, wiki ya kwanza wateja wadogo wameleta kama 137, zimebaki 29, na tarehe 5 riba ni 54. Umezama kwa 25 wakati jedwali linaonyesha Mei safi kabisa yenye 168!

Dawa ilikuwa nyepesi, vitambaa vinunuliwe mara mbili, 150 tarehe 4 na 150 tarehe 18, basi baada ya kulipa riba inabaki 125. Ungeweza pia kuomba tarehe ya rejesho isogezwe mwisho wa mwezi na wengi wanakubali, ila uliza riba ya siku zinazoongezeka inalipwaje, maana kutoka tarehe 5 hadi 28 ni siku 23 na kwa deni hili ni kama 41.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ya ombi lenyewe

Huu ndio mtego mkubwa kuliko yote kwenye mwongozo huu, soma taratibu.

Watu wanaomba "miezi mitatu ya mapumziko" na wanaishia hapo. Sasa fikiria: mkopo ulikuwa na miezi 12, mitatu umelipa riba tu, deni la msingi bado 3,600 lile lile, na imebaki miezi 9. Kama muda haujaongezwa, rejesho jipya ni 431. Karakana ina 370. Yaani umeomba nafuu na umepata mzigo mkubwa kuliko ule uliokushinda, na utaugundua Juni wakati karatasi umeshasaini.

Kwa hiyo ombi lina vipande vitatu daima: nafuu ya muda mfupi, muda unaoongezwa, na rejesho jipya litakalotokea. Rejesho unalipata kwa fomula hii, riba ya mwaka gawanya kwa 12, idadi ya marejesho, deni la msingi:

```
=PMT(18%/12,15,-3600)
```

Inatoa 269.80, tuite 270. Badilisha 15 iwe 12 upate 330, iwe 9 upate 431. Kama Eksel yako inakataa alama ya mkato weka nukta mkato.

Kwa nini nimechagua 15 na sio 12 au 24? Makisio ndio yamechagua. Kwa miezi 12 rejesho ni 330, na mwenyewe akirudia kujilipa 50 zake inabaki 40 kwa mwezi. Wateja wadogo wakipungua kwa sehemu moja ya kumi tu, yaani 55, umeingia hasi. Kwa miezi 15 inabaki 100 na mshtuko huo unaubeba. Wakopeshaji wana kipimo chao cha hili, wanagawanya pesa inayobaki kwa rejesho: 370 kwa 330 ni 1.12, 370 kwa 270 ni 1.37. Wengi wanapenda kuona angalau 1.2 au 1.25, kwa hiyo 15 inatosha, na kuomba 24 kungekuwa kuomba kuliko shida yenyewe.

Pia jiambie ukweli kuhusu gharama. Mpango wa zamani ulikuwa umebakiza riba ya jumla kama 361. Mpya ni 609, yaani 162 za miezi mitatu ya riba tu na 447 za miezi 15. Unalipa 248 zaidi kununua muda, bado ada ya kubadili mkataba kama ipo. Na kama badala ya kulipa ile riba ya miezi mitatu utaomba iongezwe kwenye deni, Juni utaanza na 3,764 na utalipa riba juu ya riba. Kama 54 unaiweza, ilipe. Inakupunguzia gharama na inamwonyesha mkopeshaji kwamba akaunti iko hai.

## Hatua ya 5: Yapige makisio nyundo kabla hajayapiga yeye

Fanya majaribio mawili tu, na chagua yale yanayoweza kutokea kwenye biashara yako.

La kwanza, wateja wadogo wapungue 10% kuanzia Machi. Salio linakuwa 141, 162, 3, 78, 153, 228. Mei tunabaki na 3. Inatisha lakini iko juu ya sifuri, mpango umesimama.

La pili, taasisi ichelewe mwezi mmoja zaidi, isilipe Juni. Mei tulifunga na 168, Juni inaingia 550 tu, zinatoka 600 na 270, tuko hasi 152. Mpango umeanguka.

Sasa ufanyeje na jaribio lililofeli? Watu wanalificha. Usilifiche, afisa atalifanya mwenyewe, na akiligundua yeye utaonekana umeficha au hujui hesabu zako. Tafuta mfuko wa akiba: muuza vitambaa amekubali kwa maandishi kwamba ikihitajika, 160 za Juni zitalipwa Agosti. Juni inafunga na 8, Julai 138, Agosti baada ya kumlipa 108. Weka barua yake kwenye viambatanisho.

Hatua imekaa ukiwa na jibu la "je asipolipa Juni?" kabla hujaulizwa, na jibu lina jina la mtu na kiasi.

## Hatua ya 6: Andika barua, ukurasa mmoja

Barua iwe rasmi hata kama na afisa mnaitana majina ya utani. Mpangilio: ombi kwenye aya ya kwanza, sababu, ulichofanya, makisio yanasema nini, hatari, na ahadi ya kutoa taarifa. Yetu inasomeka hivi:

> YAH: OMBI LA KUPANGA UPYA MAREJESHO, MKOPO NAMBA [namba]
>
> Ndugu Meneja wa Mikopo,
>
> Naomba marejesho ya mkopo tajwa yapangwe upya kama ifuatavyo: (i) kulipa riba pekee, 54,000 kwa mwezi, kwa Machi, Aprili na Mei, (ii) muda wa mkopo uongezwe kwa miezi sita, uishe Agosti mwakani badala ya Februari, (iii) kuanzia Juni, marejesho 15 ya takriban 270,000 kila tarehe 5. Deni la msingi ni 3,600,000 kwa mujibu wa taarifa yenu ya tarehe [ ]. Hadi leo sina rejesho lililochelewa.
>
> Sababu ni moja. Mteja wetu mkubwa, anayenunua 450,000 kwa mwezi, amebadili muda wake wa malipo kutoka siku 30 hadi 120 kuanzia mzigo wa Februari (Kiambatanisho A). Mauzo hayajapungua, ila hatutapokea malipo yake Machi hadi Mei.
>
> Kwa upande wetu tumepunguza malipo ya mmiliki kutoka 50,000 hadi 20,000 kwa mwezi mpaka Agosti, na tumeuza mashine isiyotumika, ambayo si sehemu ya dhamana, kwa 180,000 zitakazopokelewa Aprili (Kiambatanisho B).
>
> Makisio (Kiambatanisho C) yanaonyesha kwamba kwa marejesho ya sasa tutapungukiwa na 930,000 kufikia Mei. Kwa mpango tunaoomba, salio la chini kabisa la kufunga mwezi ni 168,000, mwezi wa Mei. Baada ya malipo ya mteja kurejea, ziada ya mwezi kabla ya rejesho ni 370,000, hata mmiliki akirudia malipo yake ya kawaida.
>
> Hatari kubwa ni mteja huyo kuchelewa zaidi ya Juni. Ikitokea, msambazaji wetu amekubali kuahirisha 160,000 hadi Agosti (Kiambatanisho D), na nitawajulisha kabla ya tarehe 1 Juni.
>
> Nitawaletea ulinganisho wa makisio na hali halisi kila tarehe 10 ya mwezi. Kwa kuwa rejesho linalofuata ni tarehe 5 Machi, naomba jibu kabla ya siku hiyo, pamoja na maelezo ya ada zozote na namna mabadiliko haya yatakavyoripotiwa kwenye taarifa zangu za mikopo.
>
> [Jina, cheo, saini, tarehe, simu]

Angalia vilivyokosekana humo. Hakuna magonjwa ya nyumbani, hakuna "hali ya uchumi imekuwa ngumu", hakuna kubembeleza. Kama ugonjwa ndio sababu utaje kwa sentensi moja yenye tarehe na umeathiri pesa kiasi gani, inatosha. Na kila namba kwenye barua lazima ipatikane kwenye viambatanisho ikiwa ile ile, mpe mtu mwingine akague na kalamu, maana ukibadilisha Eksel usiku wa mwisho barua inabaki na namba za jana.

Chini ya makisio andika dhana zako mistari mitano sita: mteja mkubwa analipa baada ya siku ngapi, bei ya vitambaa haijabadilishwa, mishahara haijaongezwa, salio la kuanzia limetoka akaunti ipi tarehe gani. Bila dhana namba zako haziwezi kukaguliwa na mtu.

## Hatua ya 7: Peleka, fuatilia, na soma mkataba mpya

Peleka nakala ngumu igongwe muhuri wa kupokelewa, baki na fotokopi yako, na tuma pia kwa imeili na ile faili ya Eksel yenyewe. PDF peke yake inamlazimu afisa kuandika upya namba zako, ukimpa Eksel anabadilisha tu mahali anapotaka na anaona fomula zinafanya kazi.

Mpaka usaini, masharti ya zamani ndio yanafanya kazi. Jibu lisipokuja kabla ya tarehe 5, lipa unachoweza, angalau ile 54, na uandike kwamba ni malipo ya sehemu wakati ombi linasubiri. Muulize mkopeshaji ataihesabu vipi, maana wengine wanakata adhabu kwanza ndo riba.

Jibu likija kuwa "ndiyo ila", kwa mfano wanakupa miezi miwili badala ya mitatu, usikubali papo hapo mezani kwa furaha. Rudi kwenye makisio uweke namba zao. Hapa miezi miwili na rejesho la 270 kuanzia Mei ingefanya Mei ifunge na hasi 48, kwa hiyo unarudi na jibu la maana, ile 160 ya vitambaa ivutwe Mei au rejesho la Mei liwe nusu.

Kwenye mkataba mpya tafuta vitu hivi kabla ya kusaini: riba imebaki 18% au imepanda, jedwali jipya la marejesho limeambatanishwa, adhabu za nyuma zimefutwa au zimeingizwa kwenye deni, na kama wameomba dhamana ya ziada. Wadhamini wako watahitajika kusaini pia mara nyingi, waambie mapema. Mdhamini anayesikia habari hii mara ya kwanza kwa kupigiwa na benki anaweza kugoma, na mpango mzima ukasimama kwa ajili ya saini moja.

Alafu tarehe 10 Aprili inafika na ile taarifa uliyoahidi. Nusu ukurasa tu: tulikisia Machi kufunga na 196, imefunga na 171, tofauti ni umeme uliopanda na mteja mdogo mmoja aliyelipa tarehe 2 Aprili. Ipeleke hata kama namba ni mbaya.